Mwezi ukirudi kituoni: ile chati ya kila mwezi inasoma nini hasa

Tangu ule usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa ukageuka mwekundu juu ya bahari, hapa Tanga kila mtu kawa mnajimu. Magrupu ya wasapu yamejaa skrinishoti za apu zimeandikwa `Lunar return`, yaani mwezi kurudi, na chini yake maelezo kwamba mwezi huu utalia sana, au utapendwa, au ukae mbali na ndugu. Halafu ubishi unaanza. Huyu anasema hiyo ni mwezi mpevu, yule anasema ni mwandamo, bi mkubwa mmoja anakuja na lake kwamba hiyo ni nge na watu waahirishe harusi, na kuna dada kauliza kwa upole kabisa kama ndo hesabu ya siku zake. Wote wameshika kitu kinachohusu mwezi, ila hakuna aliyeshika hicho kinachosemwa na ile skrinishoti. Basi tukifungue hiki kitu taratibu, halafu kila mtu aamue mwenyewe kama anakitaka au hakitaki.

Tuanze na angani. Mwezi unaizunguka dunia, na ukiwa unazunguka sisi huku chini tunauona unapita mbele ya zile buruji 12 ambazo wazee wetu wanazijua vizuri tu, Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Kila buruji ina digrii 30, jumla 360. Siku uliyozaliwa, dakika ileile, mwezi ulikuwa umesimama kwenye digrii fulani ya buruji fulani, tuseme digrii ya 15 ya Samaki. Hiyo digrii ni yako maisha yako yote, haibadiliki. Sasa mwezi wa angani unaendelea na safari yake, na baada ya siku 27 na masaa kama 8 hivi unapita tena palepale kwenye digrii ya 15 ya Samaki. Huko kupita tena ndo kurudi kwenyewe. Ukichora ramani ya anga ya dakika ile unapopita, jua liko wapi, Mirihi iko wapi, buruji gani inachomoza mashariki pale ulipo, hiyo ramani ndo inaitwa chati ya mwezi kurudi, na wanaoitumia wanaisoma kama hali ya moyo ya zile siku 27 zinazofuata mpaka mwezi urudi tena.

Mimi huwa naielezea kwa daladala. Chukua daladala inayozunguka mji, na wewe una kituo chako kimoja tu ulichopewa siku ya kuzaliwa. Kila baada ya siku 27 na kitu daladala inapita kituoni kwako. Kituo ni kilekile, ila saa inayopita sio ileile, safari hii imepita alfajiri, ijayo itapita mchana, na watu utakaowakuta wamesimama kituoni wamebadilika. Shika huo mfano maana tutarudi nao kidogo.

Sasa mwandamo ni nini? Mwandamo na mwezi mpevu havihusu kituo chako, vinahusu mwezi na jua. Mwezi ukilifikia jua ukawa upande mmoja nalo, hapo ndo mwezi unakufa na mwingine unaandama, ukiwa umeliangalia uso kwa uso tunasema umejaa. Ila jua nalo halikai, linasogea kama digrii moja kwa siku, kwa hiyo ni daladala inayofukuza gari jingine lililo mbele, inabidi ipite kituo ilichoanzia halafu iongeze kama siku mbili ndo ilipate. Ndo maana mwandamo mpaka mwandamo ni siku 29 na nusu, na mwezi kurudi kwenye digrii yako ni 27 na theluthi. Ukipiga hesabu ya mwaka utaona miandamo 12 na kidogo, lakini marejeo yako ni 13. Dada wa siku zake naye jibu lake liko hapohapo, namba zinakaribiana ila mwili hausomi digrii, na mzunguko wa mwanamke mmoja na mwingine unatofautiana sana, hivyo hiyo apu sio kalenda ya uzazi jamani, asije mtu akaitumia kupanga mambo.

Na nge ya bi mkubwa? Nge ni mwezi kupita kwenye buruji ya Nge, inachukua siku mbili na kidogo kila mzunguko, na inakuwa kwa watu wote kwa pamoja, wa Tanga, wa Pemba, wa Bagamoyo, ndo maana pwani watu wanaitazama kabla ya kuoa na kabla ya safari. Kurudi kwa mwezi ni kwa mtu mmoja mmoja. Aliyezaliwa mwezi ukiwa Nge, ndo siku zake za nge na marejeo yake yanakutana, wengine wote hapana. Na msichanganye na ile nyota ya kupigiwa hesabu kwa jina lako na jina la mama yako, ile ni hesabu ya herufi, haiangalii mwezi ulikuwa wapi kabisa. Mtu anaweza akawa Simba kwa jina, Mizani kwa tarehe, na mwezi wake uko Samaki, na hakuna kinachogombana hapo maana kila kimoja kimepimwa kwa kipimo chake.

Haya, sasa tufike kwenye kosa linaloharibu usomaji wa watu wengi. Ile skrinishoti ya kwenye grupu inasema "mwezi wako uko Samaki kwa hiyo mwezi huu utakuwa na huruma na machozi ya karibu". Hebu fikiri. Mwezi kwenye hii chati upo Samaki kwa sababu ulizaliwa ukiwa Samaki, ndo maana ya kurudi, na utakuwa Samaki mwezi ujao, na mwakani, na ukiwa na miaka 70. Buruji ya mwezi kwenye chati ya mwezi kurudi haikwambii chochote kipya kuhusu mwezi huu, inakwambia wewe ni nani. Anayekusomea akaanza na hapo anakusomea kitambulisho chako kila mwezi halafu unashangaa "jamani hii apu inanijua".

Kinachobadilika ni vitu vitatu. Cha kwanza ni buruji inayochomoza mashariki dakika ile, na hiyo ndo inaamua mwezi wako uko kwenye nyumba gani. Nyumba ni mgawanyo wa anga mara 12 kuanzia pale mashariki, kila moja na eneo lake la maisha, ya nne nyumbani na wazazi, ya tano watoto na starehe, ya sita kazi za kila siku na afya, ya saba mwenza, ya kumi jina lako mbele za watu, ya 11 marafiki na vikundi, ya 12 yale unayolia nayo peke yako. Buruji inayochomoza inabadilika kila masaa mawili hivi, na kwa kuwa mwezi unarudi baada ya siku 27 kamili na yale masaa karibu 8 ya juu, kila safari mchomozo unakuta umeruka buruji nne au tano. Ndo maana mwezi huu hisia zako zinasemwa ziko kwa marafiki, ujao ziko kwa watoto au kazini. Cha pili ni umbali wa jua na mwezi, maana jua kwa siku hizo 27 limesogea digrii 27, kwa hiyo kama safari hii mwezi umerudi ukiwa umejaa, ijayo utarudi siku mbili kabla haujajaa, inayofuata kama siku nne kabla, hivyo hivyo mpaka uje urudi ukiwa mwembamba kabisa na giza. Cha tatu ni sayari zinazokwenda haraka, Utaridi, Zuhura na Mirihi, kama mojawapo imekaa karibu na mwezi wako, au imeuangalia uso kwa uso, au imeukata kwa digrii 90.

Zile za polepole zina mtego wake. Zohali inachukua karibu miaka 30 kuzunguka mara moja. Mtu ambaye mwezi wake uko digrii ya 28 ya Samaki, kuanzia Aprili 2025 mpaka mwanzoni mwa Februari 2026 Zohali ilikuwa inazunguka hapohapo jirani, inaenda mbele kidogo inarudi nyuma, haikuwahi kwenda mbali kuliko digrii nne. Kwa hiyo marejeo yake yote ya kipindi hicho, moja baada ya jingine, yalionyesha mwezi na Zohali wamekaa pamoja, na apu kila safari inamwambia "mwezi huu utajisikia mzito na mpweke" kana kwamba ni habari mpya. Huo sio mwezi, huo ni msimu. Msomaji mzuri anauweka pembeni, anasema hii ni hali ya mwaka mzima, sasa tuone ndani yake mwezi huu una nini chake.

Tuchukue mfano tuufanye hatua kwa hatua. Mtu tumtunge, anga ni la kweli. Dada wa Ngamiani, anauza vitenge, ana watoto wawili, na kwenye kikoba chao ndo mweka hazina. Amezaliwa mwezi ukiwa digrii ya 15 na kidogo ya Samaki. Ule usiku wa kupatwa, kilele kilikuwa saa 3 na dakika 11 usiku, na mwezi ulikuwa hapohapo digrii ya 15 ya Samaki. Maana yake wakati sisi tumetoka nje kushangaa, yeye mwezi wake ulikuwa unarudi kituoni.

Anafungua programu, anaweka tarehe yake, saa yake, alipozaliwa, kisha anachagua `Lunar return` na mji alipo sasa hivi, Tanga. Hapo kwenye mji watu wengi wanauacha uleule mji wa kuzaliwa. Desturi ya wengi ni kutumia pale ulipo mwezi unaporudi, kwa sababu mchomozo wa mashariki unategemea umesimama wapi. Dakika ya kurudi ni ileile dunia nzima, ila dada huyu angekuwa Mwanza usiku ule, ambako ni magharibi zaidi, buruji inayochomoza ingekuwa nyuma kama digrii sita.

Chati inatoka hivi. Mashariki inachomoza Punda, lakini mwishomwisho kabisa, digrii ya 29, inataka kuingia Ng'ombe. Tukigawa nyumba kwa usawa kuanzia hapo, mwezi wa Samaki unaangukia nyumba ya 11, vikundi na marafiki. Jua liko upande wa pili kabisa, Mashuke digrii ya 15, nyumba ya tano, watoto. Utaridi, sayari ya maneno na hesabu, iko karibu na jua digrii chache nyuma yake, nayo inauangalia mwezi uso kwa uso. Mshtarii iko Kaa, nyumba ya tatu, ya ndugu na majirani, imeushika mwezi kwa pembe ile ya digrii 120 ambayo inahesabiwa nzuri, ingawa haijakaa sawasawa, inakosa kama digrii nne.

Usomaji wake ni upi? Unaanza na mwezi na nyumba yake: mwezi huu moyo wake uko kwenye kikundi. Sio lazima kikundi kigombane, ni kwamba vitu vya kikundi vitamgusa kuliko kawaida, mtu asipomjibu meseji ataiwaza mpaka usiku. Halafu jua mkabala: mwezi umejaa, hakuna cha kuficha, anachohisi kitatoka mdomoni, na moyo unavutwa kati ya pande mbili, huku kikoba huku watoto, shule zimefunguliwa au hazijafunguliwa, hela iko wapi. Utaridi pale anaongeza maneno mengi, simu nyingi, hesabu za kikoba kuulizwa. Mshtarii anasema faraja itatoka kwa dada yake au kwa jirani wa nyumba ya pili, sio kwa wanakikoba. Ndo hivyo tu. Hakuna hapo kwamba hela itaibiwa au ataachwa na mumewe. Chati hii inasema sauti ya moyo, haisemi tukio, na anayekwambia tukio kwa chati ya mwezi peke yake ameruka mipaka hata ya fani yenyewe, maana wanajimu wenyewe wanaiweka chini ya chati ya kuzaliwa na ile ya jua kurudi ya kila mwaka. Kama hizo mbili hazina jambo, ya mwezi hailizushi.

Sasa tuone udhaifu wake kwenye mfano huohuo, na hapa ndo napenda watu watulie. Mchomozo uko digrii ya 29 ya Punda. Mchomozo unasogea digrii moja kila dakika nne. Yaani saa ya kuzaliwa ya huyu dada ikikosewa robo saa tu mbele, mwezi wake wa kuzaliwa unasogea kidogo, kurudi kwake nako kunachelewa robo saa, na mashariki sio Punda tena, ni Ng'ombe. Kwa Punda mtawala wa chati, yaani sayari inayomiliki ile buruji inayochomoza, ni Mirihi, na Mirihi usiku ule ilikuwa Mizani, nyumba ya sita, kwa hiyo ungesoma mwezi wa kuchoka na kazi na hasira za karibu. Kwa Ng'ombe mtawala ni Zuhura, na Zuhura ilikuwa Simba, nyumba ya nne, ungesoma mwezi wa kutaka kukaa nyumbani, kupamba, kupika, kuwa na watu wake. Mtu mmoja, usiku mmoja, robo saa, mwezi wa hasira au mwezi wa mapazia mapya.

Na sisi huku saa za kuzaliwa tunazitoa wapi? Kwa mama. Mama anakwambia "ulizaliwa saa mbili, jua limeshatoka", mtoto anafungua apu anaandika `02:00`. Apu inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni `08:00`, na saa mbili usiku ni `20:00`. Umekosea masaa sita, mwezi wako wa kuzaliwa umerudi nyuma digrii tatu na kitu, na mchomozo wa kila chati ya mwezi kurudi utakayochora maisha yako yote umetoka nje kwa buruji tatu nzima. Kuna jingine la wazee, akikwambia "usiku wa Ijumaa" anamaanisha ile Alhamisi baada ya magharibi, maana siku kwao inaanza jua likizama, wewe ukaandika Ijumaa usiku. Hapo mwezi umekosea digrii 13 na chati yako inatoka ya siku nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kubishana kwenye grupu kama chati inasema kweli, muulize mwenye chati aliandikaje saa. Naamini nusu ya ubishi ungeishia hapo, na hiyo ni imani yangu tu sijahesabu.

Kuna pia wanaoshangaa programu mbili zinawapa saa tofauti za kurudi kwa mwezi ilhali wameingiza vitu vilevile. Hiyo haijaharibika. Dunia inayumba polepole sana kwenye mhimili wake, kiasi kwamba pale tunapoanzia kuhesabu digrii panasogea kulinganisha na nyota za kweli, digrii moja kwa miaka 72. Programu zinazofuata mtindo wa Magharibi hazijali hilo, zinazofuata nyota zenyewe, kama za Kihindi, zinalihesabu. Mtu wa miaka 36 tofauti yake ni nusu digrii, na mwezi unatembea nusu digrii kwa saa moja hivi, kwa hiyo programu moja itakupa saa 3 usiku na nyingine itakupa saa 4. Na kwa hizo za nyota zenyewe huyu dada wetu mwezi wake wala sio Samaki, uko Ndoo, kwa sababu tofauti ya jumla siku hizi imefika kama digrii 24. Chagua mtindo mmoja ukae nao. Kuchukua mchomozo wa huku na nyumba za kule ndo utaishia kuchagua chati iliyokupendeza.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo shemeji mmoja aliliuliza kavu kabisa, "sasa hii kitu ni kweli au mnajifurahisha?" Jibu langu ni kuvigawa. Kwamba mwezi unarudi kwenye digrii yake siku fulani saa fulani, hiyo ni falaki, inapigiwa hesabu kama tunavyopiga ya kupatwa na ya maji kujaa na kupwa, haina ubishi. Kwamba nyumba ya 11 ni kikoba na Zuhura ni mapazia, hiyo ni desturi ya kusoma iliyorithiwa, hakuna kipimo cha kisayansi kilichoithibitisha, na masheikh wengi hapa pwani wanaitenga kabisa na falaki ya kujua mwandamo na saa za swala, kuna wanaosema ni haramu moja kwa moja. Anayeona hivyo aiache salama. Wanaobaki nayo, wengi ninaowajua wanaitumia kama kisingizio cha kujiuliza mara moja kwa mwezi moyo ukoje, na kwa hilo sioni shida, shida inaanza mtu anapoacha kuongea na mwanakikoba mwenzake kwa sababu apu imesema.

Ukitaka kujua kama chati yako inakusomea mwezi au inakusomea wewe, kuna njia na haihitaji mtaalamu. Siku mwezi wako unaporudi, chora chati, andika sentensi tatu tu za unachotarajia kujisikia, nyumba ya mwezi, umbali wa jua, na sayari ya haraka iliyo karibu kama ipo. Kunja karatasi weka. Kila siku mbili tatu andika neno moja moja, "nimechoka", "nimefurahi", "nina wasiwasi na hela", bila kuangalia karatasi. Mwisho wa siku 27 fungua. Halafu, na hii ndo wengi wanairuka, chora chati ya marejeo ya miezi mitatu nyuma, uisome kana kwamba ni ya mwezi huu, linganisha na maneno yako. Kama ile ya zamani nayo imekaa vizuri sawasawa na hii, basi maneno yalikuwa mapana mno, yanamfaa yeyote siku yoyote, na yule dada angeweza kupewa mwezi wa hasira au wa mapazia na wowote ungemuingia. Ukifanya miezi miwili haitoshi, kwa sababu chati ya kwanza utakuwa unaipendelea bila kujua.

Limebaki swali la wale ambao mama kashatangulia na kadi ya kliniki haipo, wanajua tarehe tu. Wao wasichore mchomozo wala nyumba, wakiandika saa sita mchana kama apu nyingi zinavyoshauri watapata nyumba zinazoonekana nzuri kabisa kwenye skrini na hazina maana yoyote. Lakini sio kwamba hawana kitu. Kwa siku nzima mwezi unatembea digrii 13 hivi, kwa hiyo ukiweka mchana kati utakuwa umekosea mpaka kama digrii sita na nusu huku au huku, na siku ya kurudi itakuwa sahihi ndani ya nusu siku. Umbali wa jua hautabadilika sana kwa kosa la ukubwa huo, kwa hiyo bado unajua kama mwezi wako unarudi ukiwa umejaa, unapungua au ni giza, na kama Mirihi imekaa kwenye eneo hilo utaiona. Wasome hayo mawili na waache nyumba. Ila kama siku hiyo mwezi ulikuwa unahama buruji, tuseme asubuhi uko Ndoo na jioni uko Samaki, waandike zote mbili pembeni wasijichagulie, mpaka atokee shangazi anayekumbuka kama mtoto alizaliwa kabla au baada ya adhana ya adhuhuri.